Uwatu na mimea mingine ya kuongeza maziwa ya mama: namna ya kujaribu bila kumweka mtoto hatarini

Mama akisema tu kwamba maziwa hayatoshi, hata hajamaliza sentensi, kuna mtu atakuwa ameshamwambia anywe uwatu. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, na mbegu hizo zina historia ndefu mno ya kutumiwa na akina mama. Tatizo ni kwamba uwatu huwa wa kwanza kwenye orodha wakati ulipaswa kuwa wa mwisho. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi nauona kuwa salama: kwanza hakikisha maziwa kweli ni kidogo, pili tafuta sababu, tatu rekebisha unyonyeshaji, na hapo ndipo ujaribu uwatu kwa siku chache, kwa kiasi kinachojulikana, huku unamwangalia mtoto. Mimea mingine nitaigusa baadaye, kwa sababu kuna chai ya mchanganyiko wake ambayo imewahi kulaza watoto hospitalini.

Hatua ya kwanza: jua kama maziwa kweli hayatoshi

Akina mama wengi wanaoanza kutumia dawa za kuongeza maziwa wana maziwa ya kutosha. Wanadanganywa na dalili zisizo dalili. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa ni jambo la kawaida, maana mwili umeshajua mtoto anahitaji kiasi gani na hauhifadhi tena ziada. Mtoto kutaka titi kila baada ya nusu saa wakati wa jioni ni kawaida kwa watoto wachanga. Kukamua na kupata kidogo hakupimi anachopata mtoto, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri huyatoa maziwa vizuri zaidi kuliko pampu au mkono. Hata mtoto kuipokea chupa baada ya kunyonya si ushahidi wa njaa, kwani mtoto mchanga hunyonya chochote kinachowekwa mdomoni.

Ushahidi wa kweli uko kwenye mzani na kwenye nepi. Ni kawaida mtoto kupungua uzito siku za mwanzo, lakini anatakiwa kuanza kupanda karibu na siku ya nne au ya tano na kurudia uzito aliozaliwa nao kati ya siku ya 10 na ya 14. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya mwanzo, wengi huongezeka gramu 20 hadi 30 au zaidi kwa siku. Kuanzia siku ya tano, nepi zilizolowa vizuri ziwe sita au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe au wa njano iliyofifia, na kinyesi kiwe kimeshaacha weusi na kuwa cha njano. Wakati wa kunyonya unapaswa kumsikia akimeza.

Mtoto anayepanda uzito hivi ana maziwa ya kutosha, na mama yake hahitaji uwatu wala mmea mwingine wowote. Kumwongezea mama dawa hapo ni kumpa mtoto kitu kisichomfaa kwa chochote, na maziwa yakizidi sana huleta shida zake: matiti kujaa hadi kuuma, mirija kuziba, mtoto kupaliwa.

Pia kuna hali ambazo hazisubiri chai. Mtoto ambaye ni mgumu kuamka ili anyonye, anayenyonya kwa udhaifu, mwenye nepi chache au mkojo mzito wenye rangi ya kukolea, mdomo mkavu, utosi uliobonyea, umanjano unaozidi, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama akiamua kungoja siku tatu aone kama uwatu utafanya kazi, anampotezea mtoto siku tatu.

Hatua ya pili: tafuta sababu

Maziwa hutengenezwa kwa kutolewa. Titi lililokamuliwa au kunyonywa hadi likawa laini huharakisha kutengeneza mengine, na titi linalokaa limejaa hupunguza kasi. Kwa hiyo sababu za kawaida kabisa ni zile zinazozuia maziwa kutoka: mtoto kushika chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo kwa titi, kunyonyeshwa mara chache, kuachwa alale saa nyingi mfululizo siku za mwanzo, au kupewa maziwa mengine yanayompunguzia hamu ya titi.

Kuna sababu nyingine zilizo ndani ya mwili wa mama, na hizi uwatu hauzigusi. Kipande cha kondo la nyuma kikibaki tumboni, homoni za ujauzito haziporomoki inavyotakiwa na maziwa hayaingii. Mara nyingi mama huyo huwa anaendelea kutokwa na damu isivyo kawaida. Kutokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua kunaweza kuidhuru tezi ya ubongo inayotoa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upasuaji wa matiti, matiti ambayo hayakukua wakati wa ujauzito, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupunguza maziwa. Mama mwenye moja ya haya anahitaji kuonwa na daktari au mkunga, maana baadhi yake hutibika kabisa.

Hatua ya tatu: rekebisha unyonyeshaji kwanza, na uandike

Nitaeleza kwa mfano, kwa sababu hapa ndipo watu huharakisha. Tuseme mtoto amezaliwa na gramu 3,200. Siku ya nne ana 2,960, yaani amepungua 240, jambo linalotokea. Siku ya 14 ana 3,040. Kwa siku kumi ameongezeka gramu 80 tu, gramu 8 kwa siku, na bado hajarudia uzito wake wa kuzaliwa. Hapa maziwa anayopata kweli hayatoshi. Mama anasema ananyonyesha mara sita au saba kwa siku, usiku mtoto hulala saa tano, na chuchu zinamuuma. Shangazi ameshamletea mfuko wa uwatu.

Mfuko unawekwa pembeni. Mtoto anachunguzwa kliniki: hana homa, hana umanjano wa kutisha, ulimi unatoka vizuri. Akiwekwa kwenye titi, inaonekana wazi kwamba anashika chuchu peke yake; mashavu yanaingia ndani na kuna sauti ya kubofya kila anapovuta. Mkunga anamsogeza hadi kifua chake kigusane na cha mama, pua ikielekea chuchu, kisha anangoja mdomo upanuke kabisa ndipo amlete titini, kidevu kikitangulia. Sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu inaingia mdomoni, hasa upande wa chini. Maumivu yanapungua palepale na kumeza kunasikika. Mama anaelekezwa kunyonyesha mara kumi kwa siku, matiti yote mawili kila mara, kumwamsha mtoto usiku zikipita saa tatu, na kukamua mara tano kwa siku baada ya kunyonyesha. Anachokamua kinapewa mtoto kwa kikombe.

Siku ya 17 mtoto ana gramu 3,130. Siku ya 21 ana 3,250. Hizo ni gramu 30 kwa siku, na uwatu bado uko mfukoni. Laiti mama angeanza uwatu siku ya 14 pamoja na mabadiliko hayo, familia nzima ingeapa kuwa ni uwatu uliofanya kazi, na yeye angeendelea kuunywa kwa miezi akiogopa kuacha. Ndiyo maana nasisitiza mambo haya mawili yasianzwe siku moja.

Ipe hatua hii angalau siku tatu hadi tano kabla ya kuongeza mmea wowote. Ikiwa uzito haupandi hata baada ya marekebisho, mtoto anaweza kuhitaji maziwa ya ziada chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kumlisha mtoto kunatangulia kila kitu.

Uwatu unajulikana kufanya nini

Tafiti zipo, ila nyingi ni ndogo na hazifanani. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa 2011, uliohusisha akina mama 66, ulionyesha kwamba waliokunywa chai ya mimea yenye uwatu walikamua maziwa mengi zaidi siku za mwanzo na watoto wao walirudia uzito wa kuzaliwa mapema zaidi. Lakini chai ile ilikuwa na mimea mingine ndani yake. Utafiti mwingine wa akina mama 26 wa watoto njiti, waliomeza vidonge vya uwatu kwa siku 21, haukuona tofauti katika maziwa wala katika prolaktini. Mwaka 2020 wachambuzi wa Kokreni, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio 41 ya dawa na vyakula vya kuongeza maziwa, yenye akina mama 3,005, wakakuta kwamba mimea inaweza kusaidia kiasi fulani, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu mno kiasi cha kutojulikana unasaidia kwa kiwango gani.

Mimi nasoma hivi: uwatu unaweza kumsaidia mama fulani kidogo, hasa siku za mwanzo, na unaweza kutomsaidia mwingine kabisa. Hauna nguvu ya kushinda mtoto asiyeshika titi vizuri.

Nani asiutumie

Kabla ya kupima hata kijiko kimoja, pitia orodha hii kwa makini.

Mama mwenye ujauzito mwingine wakati bado ananyonyesha asitumie uwatu kwa kiasi cha dawa, kwa sababu unaweza kuamsha mikazo ya mji wa mimba. Kama hujui una mimba au huna, pima kwanza.

Mama mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, anapaswa kuongea na daktari wake kwanza. Uwatu hushusha sukari ya damu, na pamoja na dawa unaweza kuishusha kupita kiasi. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asitumie, maana uwatu unaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo naye aulize kwanza.

Uwatu ni wa jamii ya kunde, kama karanga na dengu. Mtu mwenye mzio wa karanga au dengu anaweza kupata mzio wa uwatu. Na mwenye pumu ajihadhari hasa na unga wake, kwa sababu kuuvuta wakati wa kuupima au kuumimina kumewahi kuleta mafua makali, macho kuwasha na kubanwa kifua.

Kwa mtoto njiti, mtoto mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao, au mtoto anayetumia dawa, uamuzi ufanywe na daktari wake. Mwili wake una akiba ndogo ya kuhimili chochote kinachopitia kwenye maziwa.

Hatua ya nne: jaribio la siku saba

Rudi kwa mama wetu wa mfano. Mtoto anapanda vizuri, lakini mama angependa kukamua kidogo zaidi ili aweze kuacha akiba. Hana kisukari, hana mzio, hana mimba, hatumii dawa. Jaribio lake linaweza kwenda hivi.

Kwa siku tatu kabla ya kuanza, anapima maziwa anayokamua katika zile mara tano, kwa saa zilezile, na kuandika jumla. Anapata mililita 70, 80 na 75. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Pia anaandika nepi ngapi zimelowa, kinyesi kikoje, na mtoto analala na kulia vipi, ili baadaye asichanganye tabia ya kawaida ya mtoto na athari ya mmea.

Kisha anachagua umbo moja tu la uwatu. Akichagua chai, kijiko kimoja cha chai cha mbegu, kilichosawazishwa, ambacho ni takriban gramu tatu na nusu, kinatiwa kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, kinafunikwa dakika 10 hadi 15, kisha chai inachujwa. Siku ya kwanza kikombe kimoja, siku ya pili viwili, na kuanzia siku ya tatu visizidi vitatu. Mbegu zilizochujwa haziliwi, kwa hiyo anachopata ni sehemu tu ya kilichomo. Akichagua vidonge, asome kibandiko aone kila kimoja kina miligramu ngapi za uwatu. Vingi vina kati ya 500 na 610. Jumla ya siku isizidi gramu sita, ikigawanywa mara tatu pamoja na chakula, na aanze na theluthi ya kiasi hicho. Akitumia unga, hesabu ni ileile ya gramu sita, kwa sababu unga unaliwa wote. Asichanganye chai na vidonge, maana hapo kiasi hakihesabiki tena.

Kuhusu mbegu zenyewe, jambo moja la kuzingatia sana: usile uwatu ulioota ukiwa mbichi. Mwaka 2011 chipukizi za uwatu zilisababisha mlipuko wa bakteria wa ikolai huko Ujerumani, wagonjwa wakazidi 3,800 na zaidi ya 50 wakafariki. Unyevu na joto vinavyootesha mbegu ndivyo hivyohivyo vinavyozalisha vijidudu. Maji yanayochemka huondoa hatari hiyo, na ni sababu mojawapo ya mimi kupendelea chai kuliko unga wa kuchanganya na maji ya baridi. Kwa vidonge, epuka kopo linaloandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kila mmea na kiasi chake. Usichokijua huwezi kumweleza daktari mtoto akibadilika.

Wanaoitikia uwatu huwa wanaona tofauti ndani ya siku moja hadi tatu. Kama siku saba zimeisha na vipimo ni vilevile, acha. Kuendelea wiki ya pili kwa matumaini hakuna msingi.

Mama wetu anapata mililita 75, 80, 85, 80, 85, 80 na 85. Wastani umepanda kutoka 75 hadi karibu 81. Siku ya nne tumbo lake lilianza kuunguruma na kuharisha kidogo. Anaacha siku ya nane na kuendelea kupima: 80, 85, 80. Maziwa hayakushuka. Maana yake ni kwamba ongezeko lile dogo lilitokana na kukamua kwake mara kwa mara na ukuaji wa kawaida, na uwatu aliutumia kwa hasara ya tumbo lake. Bila zile siku tatu za kabla na zile tatu za baada, asingejua.

Mtoto aangaliwe nini

Kiasi gani cha viini vya uwatu hufika kwenye maziwa hakijapimwa vya kutosha, na kwa hiyo mtoto mwenyewe ndiye kipimo. Athari zinazotajwa zaidi ni za tumbo: gesi nyingi, kulia kwa kujikunja, kinyesi chepesi kuliko kawaida yake. Zikijitokeza ndani ya siku moja au mbili tangu mama aanze au aongeze kiasi, aache. Kwa kawaida hutulia baada ya mama kuacha. Zisipotulia ndani ya siku mbili, sababu huenda ni nyingine na mtoto aonwe. Damu kwenye kinyesi, vipele vinavyosambaa, uso kuvimba au kupumua kwa shida ni sababu ya kuacha mara moja na kwenda hospitali.

Halafu kuna harufu. Uwatu una kiini kiitwacho sotoloni ambacho hutoka mwilini bila kubadilika sana, na jasho, mkojo na hata maziwa ya mama huanza kunukia utamu kama wa sukari iliyoungua. Mtoto naye anaweza kunukia hivyo. Harufu peke yake haina madhara, lakini inafanana kabisa na harufu ya ugonjwa mmoja wa nadra wa kuzaliwa nao, ambao mwili wa mtoto hushindwa kuvunjavunja baadhi ya sehemu za protini. Mwaka 1999 iliripotiwa habari ya mtoto wa wiki 5 aliyefikishwa hospitali akiwa amepoteza fahamu kwa muda na ananukia hivyo. Madaktari waliwaza ugonjwa huo, kumbe alikuwa amepewa chai ya uwatu.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza, mwambie kila mhudumu wa afya anayemwona mtoto kwamba unatumia uwatu, hata asipouliza, ili asiingie kwenye vipimo visivyohitajika. La pili ni muhimu zaidi: usiitumie chai yako kama maelezo ya kila kitu. Mtoto anayenukia sukari iliyoungua lakini ananyonya kwa nguvu, yu macho na anapanda uzito, yuko sawa. Mtoto anayenukia hivyo huku analala mno, anakataa titi, anatapika au amelegea, apelekwe haraka na aonwe kwa uzito wote, mama awe anatumia uwatu au hatumii.

Na mtoto chini ya miezi sita asipewe chai hiyo yeye mwenyewe, hata kijiko. Inamjaza tumbo dogo bila chakula, na kiasi kinachomfikia ni kikubwa mno kuliko kinachopitia kwenye maziwa.

Shamari, anisi na chai za mchanganyiko

Hii ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi kuliko uwatu. Shamari na anisi zina mafuta yenye kiini kiitwacho anetholi, ambacho hupita kwenye maziwa. Kwa vile hutumika jikoni, watu huzinywa bila kipimo. Mwaka 1994 jarida la tiba ya watoto lilieleza habari za watoto wawili, mmoja wa siku 15 na mwingine wa siku 20, waliolazwa kwa sababu hawakuwa wanaongezeka uzito na walikuwa wananyonya kwa shida. Walikuwa wamelegea, wazito wa usingizi, wanatapika, wanalia kwa sauti dhaifu. Hawakuwa na homa. Mama zao wote wawili walikuwa wanakunywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya mchanganyiko wenye shamari, anisi na mimea mingine miwili, wakitaka maziwa yaongezeke, na mmoja wao alikuwa mwenyewe anajisikia usingizi na udhaifu. Chai iliposimamishwa na unyonyeshaji ukasitishwa kwa muda, watoto walipata nafuu ndani ya saa 24 hadi 36. Baada ya siku mbili walirudi titini na hawakupata shida tena.

Ona jinsi mtego ulivyofanya kazi. Mtoto alinyonya vibaya kwa sababu ya chai, uzito ukasimama, na mama aliyeuona uzito umesimama angeweza kabisa kuongeza kikombe kingine. Kwa hiyo mama anayekunywa chai ya aina yoyote ya kuongeza maziwa, akiona mtoto amekuwa mvivu wa kunyonya, hatua ya kwanza ni kuacha chai na kumpeleka mtoto aonwe. Shamari kama kiungo cha chakula haina shida. Chai yake, kama ni lazima, iwe kikombe kimoja kwa siku, na katika mwezi wa kwanza wa mtoto mimi ningeiacha kabisa.

Tangawizi, mlonge, na mimea inayopunguza maziwa

Tangawizi ilijaribiwa kwa akina mama waliotoka kujifungua, wakapewa vidonge kwa siku saba. Siku ya tatu walikuwa na maziwa mengi kuliko wenzao. Siku ya saba hapakuwa na tofauti. Katika chakula haina neno. Kwa kiasi cha vidonge, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye bado anatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, aiepuke.

Majani ya mlonge yana majaribio machache madogo yenye dalili nzuri, na kama mboga iliyopikwa ni chakula chenye lishe. Unga wa kwenye kopo ni habari nyingine, kwa sababu usafi wake unategemea ulikokaushwa na kusagwa. Mizizi na magome ya mlonge yasitumike. Yana viini vyenye sumu ambavyo havimo kwa kiasi hicho kwenye majani.

Kwa upande wa pili, nanaa nyingi na seji hutumiwa na akina mama wanaotaka kupunguza maziwa, hasa wakati wa kuachisha. Mama mwenye maziwa kidogo asinywe chai zake kila siku. Kagua hata mchanganyiko ulioandikwa kuwa ni wa mama anayenyonyesha.

Cha kubeba ukienda kliniki

Ukiamua kutumia mmea wowote kati ya hii, beba kopo au mfuko wenyewe, siyo jina tu, kwa sababu majina hubadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Andika ulianza tarehe gani, kiasi gani kwa siku, na ulibadilisha lini. Beba kadi ya mtoto yenye uzito wake wote tangu kuzaliwa, na orodha ya dawa zako zote, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo. Mtoto apimwe kwenye mzani uleule, akiwa uchi, kila wiki wakati wa jaribio. Ongezeko la uzito kwa wiki likiwa chini ya gramu 140 kwa mtoto wa miezi mitatu ya mwanzo, yaani chini ya 20 kwa siku, jaribio limekwisha, na kinachofuata ni mtu mwenye ujuzi kukaa na wewe na kumtazama mtoto akinyonya kutoka mwanzo hadi aachie titi mwenyewe.